Haloo, ahoi, au jina lako? Njia za kupokea simu zikilinganishwa

Tarehe 15 Agosti 1877, Thomas Edison alimwandikia barua fupi T. B. A. David, mkuu wa kampuni ya simu za maandishi mjini Pittsburgh, Marekani. David alikuwa anajiandaa kuingiza simu ya sauti mjini humo, na kulikuwa na jambo moja la kuamua kwanza: mtu aliye upande wa pili wa waya atajuaje kwamba anaitwa? Edison alimjibu kwamba haoni haja ya kengele, kwa sababu neno "hello" linasikika futi 10 hadi 20 kutoka kwenye chombo, yaani mita tatu hadi sita hivi. Chini ya barua akaongeza kwamba kutengeneza chombo cha kusemea na cha kusikilizia kungegharimu dola 7 tu. Barua hiyo ililala kwenye nyaraka za kampuni ya simu ya Marekani zaidi ya karne moja, mpaka mwalimu wa lugha za kale wa Chuo cha Brooklyn, Allen Koenigsberg, alipoifukua katika miaka ya 1980.

Wakati huohuo Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza ya simu Machi 1876, alikuwa na neno lake. Yeye alitaka watu waseme "ahoy", ukelele wa mabaharia wa kuita chombo kingine baharini, na mwenyewe aliendelea kulitumia hata baada ya dunia nzima kumpa kisogo. Kwa hiyo tangu mwanzo wa simu watu wamekuwa wakichagua. Baadaye yaliongezeka machaguo mengine: Waitaliano husema "pronto", yaani tayari, Wajapani husema "moshi moshi", neno lililokatwa kutoka kitenzi cha unyenyekevu cha kusema, Waholanzi na Wajerumani wengi wamezoea kutaja jina lao la ukoo. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna "haloo", tuna salamu kamili, na tuna "nani mwenzangu?".

Ninachotaka kufanya hapa ni kuyaweka machaguo haya bega kwa bega ili mtu anayepokea simu nyumbani, dukani au ofisini ajue ni lipi linafaa wapi. Lakini kwanza tukubaliane neno la kupokelea simu linafanya kazi gani, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Kazi nne za mwanzo wa maongezi

Mtu akifika kwa watu, mambo huenda kwa hatua. Anapiga hodi. Wa ndani anaitikia karibu, mara nyingi kabla hajajua aliyesimama nje ni nani. Kisha mgeni anajulikana, kwa sura au kwa jina. Salamu huja mwisho, kila mmoja akiwa anajua anamsalimia nani, mkubwa au mdogo, ndugu au mgeni kabisa. Kuita, kuitika, kutambuana, kusalimiana: hizo ni kazi nne tofauti, na simu haikufuta hata moja. Ilichofanya ni kuondoa macho, hivyo kila kazi ikabidi ifanywe kwa sauti.

"Hello" ya Edison ilikuwa neno la kuita, hodi tupu. Simu za mwaka 1877 hazikuwa na namba za kubonyeza. Waya mmoja uliunganisha sehemu mbili, tuseme kiwanda na nyumba ya mwenye kiwanda, na ulikuwa wazi muda wote. Ukitaka kuongea ulikisogelea chombo na kupiga kelele, au ukagonga kiwambo chake kwa penseli ili upande wa pili usikie mlio. Ndiyo maana Edison alihesabu mita: swali lake lilikuwa kama mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba angelisikia neno lenyewe, wala hakujali kama lina adabu.

Kisha kengele zikaja hata hivyo. Thomas Watson, fundi wa Bell, alikuwa na kengele ya kuzungusha kwa mpini kufikia mwaka 1878, na kuanzia hapo kazi ya kuita ikachukuliwa na chuma. Neno "hello" lingeweza kufa. Badala yake lilihama upande: kutoka kwa anayeita likaenda kwa anayeitwa. Kengele ikawa ndiyo hodi, na "hello" ikawa ile "naam" au "abee" ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka uani. Nadhani hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya neno hili, na lilitokea ndani ya mwaka mmoja au miwili hivi, bila mtu kulitangaza.

Neno lilikotoka

Edison hakulibuni. Gazeti moja la jimbo la Connecticut lilikuwa limeshalichapa mwaka 1826, nusu karne kabla ya barua yake, na halikuwa salamu. Lilikuwa la kumshtua mtu akutazame, au la kuonyesha mshangao, kama sisi tunavyosema "ala!" tukikuta kitu tusichokitarajia. Lilikuwa na ndugu wengi wa sauti moja: "hallo", "hullo", "holla", "halloo". La mwisho hilo wawindaji wa Kiingereza walilitumia kuwahimiza mbwa wao.

Kuhusu mizizi ya ukoo huo kuna maelezo mawili yenye uzito. La kwanza linamtaja Mfaransa: "holà", yaani "wewe hapo, simama!", lililoingia Kiingereza na kuwa "holla". La pili linarudi kwenye Kijerumani cha kale, kwenye amri ya kitenzi chenye maana ya kuleta au kuchukua, ambayo mtu aliyekwama ng'ambo ya mto alimpigia mwenye mtumbwi aje amvushe. Ukinilazimisha kuchagua, nitasema "holla" naona inakaa vizuri kwa Mfaransa, na "hallo" inakaa vizuri kwa mwenye mtumbwi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kelele za aina hii zina baba mmoja. Mtu akitaka kuita mbali hufungua koo na kurefusha irabu. Lugha jirani zikifanya hivyo kwa karne nyingi, maneno yao huishia kufanana na kukopeshana.

Maelezo ambayo hayana uzito wowote ni yale yanayozunguka kwenye simu zetu kila baada ya muda, kwamba Bell alikuwa na mchumba aitwaye Margaret Hello na jina lake ndilo alilotamka kwanza kwenye simu. Bell alimwoa Mabel Hubbard Julai 1877. Mabel alikuwa kiziwi tangu utotoni kwa sababu ya homa, kwa hiyo simu ya masikioni haikuwa chombo chake. Na Bell, kama nilivyosema, neno lake lilikuwa "ahoy". Maneno yake ya kwanza yanayojulikana kwenye waya, tarehe 10 Machi 1876, yalikuwa ya kumwita Watson aje, anataka kumwona. Hakuna salamu humo, wala haikuhitajika: Watson alikuwa chumba cha jirani na alijulikana.

"Hello" na "ahoy"

Tuyapime sasa haya mawili. Kwa masikio hayana tofauti kubwa. Njia ya simu ya kawaida hupitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, kati ya hezi 300 na 3,400 hivi kwa kipimo kilichokuja kuwa cha kawaida, na kinachoumia ni sauti za kukwaruza kama s na f. Ndiyo sababu mtu akikutajia herufi kwa simu, "esi" na "efu" hugombana. Maneno yote mawili yameepuka mtego huo. Yana irabu pana zinazoweza kuvutwa, na hayana konsonanti inayobeba maana peke yake. Kama ningekuwa fundi wa mwaka 1877 nikiambiwa nichague kwa sauti tu, ningerusha shilingi.

Tofauti ilikuwa kwa watu. "Ahoy" lilikuwa na chumvi ya bahari. Mwenye duka la dawa katika mji wa bara angejisikia anaigiza unahodha. "Hello" lilikuwa tayari linatembea barabarani, hata kama waungwana walilidharau kwa kuwa ni kelele. Halafu kulikuwa na waliofundisha matumizi. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa kuunganisha simu ulifunguliwa New Haven, Connecticut, tarehe 28 Januari 1878, ukiwa na wateja 21. Kitabu cha wateja cha mji huo cha mwaka huohuo kiliwaelekeza waanze na "hulloa" na wamalize kwa kusema "basi, ni hayo". Hiyo ya kumalizia haikudumu. Ya kuanzia ilidumu, kwa sababu waliokaa kwenye mitambo walikuwa wanaitamka kutwa nzima, na wasichana walioajiriwa kwa kazi hiyo wakaishia kuitwa kwa neno lenyewe, wasichana wa "hello".

Edison mwenyewe, kwa njia, alikuwa na usikivu mbovu. Na kwa maelezo yake, kiangazi hicho hicho cha 1877 alipokuwa anajaribu kunasa sauti kwenye ukanda wa karatasi yenye nta, alichopigia kelele ndani ya chombo kilikuwa "halloo". Neno lilikuwa mdomoni mwake tayari. Sidhani alikaa chini kulichagua.

Kuna kitu kingine kilicholipa nguvu, nacho ni muhimu kwa uchaguzi wetu wa leo. Waungwana wa Kiingereza na Kimarekani wa karne ya 19 hawakupaswa kusemeshana kabla ya kutambulishwa. Salamu zao nazo zilibeba vitu vya kujua: saa za siku, cheo, jina. Simu ilimweka mtu mbele ya sauti asiyoijua kabisa. "Hello" haiulizi hali, haitaji cheo, haibagui mwanamume na mwanamke, haijali asubuhi na jioni. Ni tupu, na utupu huo ndio uliolivusha.

Waliochagua kusema tayari, na waliochagua kutaja jina

"Pronto" ya Waitaliano ni jibu la mtu aliye kazini: nipo, nasikiliza, sema. Wahispania wa Hispania wana "dígame", niambie, ambayo ni jamaa yake. Uzuri wa kundi hili ni uwazi. Halimwachi mpigaji akijiuliza kama kuna mtu. Ubaya wake ni kwamba linamsukuma aingie kwenye jambo moja kwa moja. Ukilileta kwa Kiswahili, ukapokea simu ya shangazi kwa "sema", umeshaharibu. Vijana hulitumia wao kwa wao, na hapo halina neno. Kwa mtu unayemheshimu ni kama kumfungulia mlango na kumuuliza anataka nini.

Jina ni njia ya pili. Anayepokea akitaja jina lake, kazi ya kuitika na nusu ya kazi ya kutambuana zinafanyika kwa pumzi moja. Aliyekosea namba anajua papo hapo na kuomba radhi. Hakuna ile dakika ya kuzungushana. Hasara yake ni moja lakini ni nzito: unampa jina lako mtu ambaye hujui ni nani. Enzi ya simu ya mezani, jina lako lilikuwa tayari kwenye kitabu cha simu, kwa hiyo hukupoteza kitu. Leo, tapeli anayepiga namba kwa kubahatisha akisikia "Asha hapa" ameshapata mahali pa kuanzia: "Da Asha, mbona umenisahau?"

Hapa ndipo "haloo" inapoonyesha faida ambayo wengi hawaioni. Mwaka 1968 mwanasosholojia wa Marekani Emanuel Schegloff alichapisha uchambuzi wa mwanzo wa simu takriban 500 zilizopigwa kwa polisi au kutoka kwa polisi. Alikuta kanuni iliyoshika karibu zote: anayepokea ndiye anayesema kwanza. Simu moja tu ilikwenda kinyume; aliyepokea alinyamaza, na mpigaji akalazimika kusema "hello" yeye. Badala ya kuitupa simu hiyo, Schegloff aliitumia kuielewa kanuni yenyewe. Mlio wa simu ni wito, alisema, na neno la kwanza la mpokeaji ni itiko. Itiko lisipokuja, wito hurudiwa, na safari hii mpigaji aliurudia kwa mdomo. "Hello" ilirudi kwenye kazi yake ya mwaka 1877.

Katika kazi zake za baadaye alionyesha jambo jingine: "hello" ya mpokeaji ni kionjo cha sauti. Anayekufahamu anakutambua humo humo, bila jina, na anaweza kusema "Eeh, Hamisi!" Asiyekufahamu hapati kitu. Neno tupu linawapa jamaa utambulisho kamili na kuwanyima wageni. Jina linawapa wote sawa. Mtu akiniuliza tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili, nitamwambia ni hiyo.

Kiswahili na tatizo la shikamoo

"Haloo" iliingia Kiswahili pamoja na chombo. Majirani zetu waliopitiwa na Kifaransa, Kongo, Burundi na Rwanda, husema "alo", na ndugu zetu wa Oman na Ghuba husikia "alo" hiyohiyo kwa Waarabu. Lakini angalia jambo moja: kwa Waingereza neno lilitoka ndani ya simu likaenda mtaani, hata sasa wanasalimiana nalo uso kwa uso, na Wajerumani vilevile. Kwa Wafaransa halikutoka. Uso kwa uso ni "bonjour". Kwetu nako halikutoka. Hakuna anayemkuta jirani kisimani akamwambia haloo.

Nadhani sababu ni kwamba salamu zetu zina majibu yake. Hujambo inadai sijambo, shikamoo inadai marahaba, salaam aleikum inadai waaleikum salaam, mambo inadai poa. Haloo haidai chochote ila haloo nyingine. Katika simu inatosha, kwa kuwa hapo ni itiko tu. Uso kwa uso, mtu akishaitika bado anadaiwa salamu.

Na salamu zetu zinahitaji kujua mtu. Huwezi kutoa shikamoo hewani. Lazima ujue kwamba uliye naye ni mkubwa kwako, na sauti ya simu hudanganya kuhusu umri kuliko inavyodanganya kuhusu kitu kingine chochote. Fikiria simu ya mezani ya nyumba moja Morogoro, miaka ya 1990. Kijana anapiga kumtafuta mama yake mkubwa.

"Haloo."

"Haloo, shikamoo mama."

Kimya kidogo. "Samahani, nani mwenzangu?"

"Mimi Idi, wa Tanga."

"Aa, Kaka Idi! Mimi Zuhura. Mama kaenda sokoni. Shikamoo."

Zuhura ni binti wa miaka 16. Shikamoo ya kwanza imekwenda kwa mtu asiyestahili, na binti hakuweza kuipokea kwa marahaba wala kuikataa bila kwanza kujua anaongea na nani. Ona alichofanya: alirudi hatua moja nyuma, kwenye kutambuana, kwa "nani mwenzangu", kisha salamu ikaanza upya kwa mwelekeo sahihi, mdogo kwa mkubwa. Idi aliruka kazi ya tatu akaenda ya nne. Angesema "Haloo, hapo ni kwa Mama Mkubwa? Mimi Idi, naongea na nani?" asingerudishwa.

Napenda sana "nani mwenzangu". Ni swali lile lile la "wewe nani?", ila limempandisha mgeni akawa mwenzako kabla hajajibu. "Wewe nani?" kwenye simu hukata maongezi kama kisu, na "unataka nani?" haiko mbali nayo. Kwa simu ya mezani, ya ofisi, au namba yoyote usiyoijua, mpangilio wa haloo, nani mwenzangu, halafu salamu, naona haujapata mshindani kwa Kiswahili.

Kioo cha simu kilivyopindua mambo

Simu ya mkononi imevunja mpangilio huo kwa kuonyesha jina kabla hujasema neno. Mlio unapiga hodi na kutambulisha kwa wakati mmoja. Kanuni ya Schegloff bado inashika, mpokeaji anasema kwanza, lakini sasa anaweza kurukia salamu. Ukiona "Baba Mkwe" kwenye kioo, ukapokea kwa "haloo" kavu kana kwamba humjui, umemwonyesha kwamba umeona jina lake na hukujali. Hapo inayofaa ni "Shikamoo baba" moja kwa moja. Mkubwa akipokea simu ya mdogo hana deni hilo. Anasema "haloo mwanangu" na kusubiri shikamoo imfuate. Kumbe sheria ya nani aanze kusalimu, ambayo simu ya mezani ilikuwa imeisimamisha kwa muda, imerudi.

Kuna mahali kioo nacho hudanganya. Simu ya baba inapokelewa na mtoto. Simu ya mke inapigwa na mume kwa kuwa yake imeisha chaji. Namba uliyoihifadhi kwa jina la fundi bomba imeuzwa na laini yake kwa mtu mwingine. Anayepokea kwa shikamoo kamili anaweza kujikuta anamwamkia mpwa wake wa darasa la pili, ambaye atajibu marahaba bila aibu na kukusimulia mwaka mzima. Wengi wamepata njia ya kati bila kufundishwa: jina au cheo cha udugu kwanza, kwa sauti inayopanda kama swali, "Mama?", kisha kusikiliza sauti ikiitika, ndipo salamu. Inachukua sekunde moja.

Basi kwa namba iliyo na jina la mkubwa wako, jina la heshima halafu shikamoo. Kwa rafiki, chochote mnachopatana. Kwa namba usiyoijua, haloo na hakuna zaidi; usitaje jina mpaka mwenzako ataje lake. Ukiwa mwangalifu zaidi unaweza kunyamaza kidogo: mitambo inayopiga simu kwa wingi mara nyingi husubiri sauti ya mpokeaji ndipo imuunganishe mtu, na isipoisikia hukata. Ila kunyamaza kunamtesa binadamu halisi, ambaye ataanza "haloo? haloo?" akidhani mtandao umekufa, kwa hiyo mimi siipendekezi kwa mtu mwenye ndugu wengi wanaobadilisha laini.

Kwa ofisi, duka au zahanati, Mholanzi ana haki: taja jina. Lakini taja la mahali, si lako, na uliweke baada ya neno la kufungulia. Silabi ya kwanza ya simu mara nyingi humezwa mpigaji akiwa bado anaweka simu sikioni. Mapokezi akianza na "Duka la Dawa Tumaini", mteja husikia "...wa Tumaini" na kuuliza kama hapo ni kanisani. Akianza na "Haloo, habari, hapa ni Duka la Dawa Tumaini", haloo imeliwa, habari imesikika nusu, na jina limefika zima. "Habari" inafaa hapo kuliko shikamoo kwa sababu haihitaji kujua umri wa mtu. Wapo watakaoona ni kavu kwa mzee. Mzee akijitambulisha, shikamoo inaweza kufuata bila tatizo.

Kwenye ujumbe wa maandishi, "haloo" haina kazi hata moja kati ya zile nne. Haiiti, kwa maana simu imeshalia yenyewe. Haiitiki, kwa maana hakuna aliyeita. Haitambulishi, na salamu si yake. Hata hivyo watu wengi hutuma hiyo peke yake, kisha wanasubiri. Mpokeaji anaiona saa tatu usiku, hajui kama ni msiba, mkopo au picha za harusi, na akijibu "haloo" mpira umerudi kwa mwenzake bila kusogea. Andika salamu, jina kama namba yako haijulikani, na shida yako, vyote katika ujumbe mmoja: "Shikamoo mjomba, mimi Neema wa Dodoma, hii ni namba yangu mpya. Naomba kujua kama basi la Jumamosi bado linaondoka saa kumi na mbili." Mjomba akiwa na salio la maneno mawili tu, bado anaweza kujibu: "Marahaba. Linaondoka."